Asilimia imeshuka, watu wameongezeka: kisa cha hotuba ya dakika kumi kuhusu dini za Uganda

Mtafiti wa masomo ya dini alipewa dakika kumi kwenye kongamano la kikanda mjini Kampala. Mkononi alikuwa na makala ya kurasa 22 juu ya kile ambacho sensa za 2002 na 2014 zinasema kuhusu dini za Uganda. Mbele yake wangekaa mapadre, mashehe, wachungaji, wanafunzi wa vyuo, watu wa takwimu na waandishi wa habari, baadhi yao wakiwa wametoka Kenya na Tanzania, na ndiyo sababu kikao chake kilipangwa kuendeshwa kwa Kiswahili. Tutafuata jinsi makala ile ilivyogeuzwa hotuba, tuone toleo la kwanza liliharibika wapi na ni maneno gani hasa yaliyosomwa mwishoni.

Takwimu kwanza. Septemba 2002 Uganda ilihesabiwa kuwa na watu milioni 24.2, Agosti 2014 walikuwa milioni 34.6. Katika miaka hiyo kumi na miwili kasoro, Wakatoliki walishuka kutoka asilimia 41.9 hadi 39.3, na Waanglikana, yaani waumini wa Kanisa la Uganda, wakashuka kutoka 35.9 hadi 32.0. Waislamu walipanda kutoka 12.1 hadi 13.7. Wapentekoste walitoka 4.6 wakafika 11.1. Wasabato walisogea kidogo tu, 1.5 hadi 1.7.

Ukiishia hapo, utaona makanisa mawili makongwe yanayeyuka. Lakini zidisha kila asilimia kwa idadi ya watu wa mwaka wake. Wakatoliki walikuwa takriban milioni 10.1, wakawa milioni 13.6: wameongezeka milioni 3.5. Waanglikana walitoka milioni 8.7 wakafika 11.1, ongezeko la milioni 2.4. Waislamu wametoka 2.9 hadi 4.7, ongezeko la 1.8. Wapentekoste wametoka 1.1 hadi 3.8, ongezeko la 2.7. Kwa hiyo kanisa ambalo fungu lake limeshuka ndilo lililopata watu wengi zaidi kuliko kundi lingine lolote. Huu ndio ugunduzi uliostahili dakika kumi. Kurasa nyingine ishirini za makala zilikuwa na mambo mazuri pia, ila hayakuwa ya siku hiyo.

Toleo la kwanza

Toleo la kwanza lilikuwa na maneno 1,480. Lilipojaribiwa kwa saa ya simu, lilichukua dakika 14. Hilo si ajabu: mtu anayesoma Kiswahili mbele ya ukumbi kwa utulivu, akipumua mahali pa kupumua, hutoa maneno kati ya 100 na 110 kwa dakika. Waliozoea kuandika hotuba za Kiingereza huwa wanajipimia kwa kasi ya Kiingereza, wakasahau kwamba neno moja la Kiswahili kama "hawakuwahesabia" linabeba sentensi nzima na silabi nane. Kwa dakika kumi, andiko lisizidi maneno 900. Muda unaobaki utaliwa na kupanda jukwaani, salamu, slaidi inayogoma kufunguka, na kicheko kimoja ukibahatika.

Kilichokula muda zaidi, hata hivyo, ni tarakimu. Toleo lile lilitaja asilimia mara 38. Kwenye karatasi "41.9%" ni alama tano, mdomoni ni "asilimia arobaini na moja nukta tisa", maneno sita, karibu sekunde tatu. Zidisha kwa 38, karibu dakika mbili nzima zimekwenda kwenye kutaja namba ambazo hakuna atakayezikumbuka akifika mlangoni. Msikilizaji asiye na karatasi mkononi anaweza kushika namba mbili kwa wakati mmoja, pengine tatu kama zinafanana. Toleo la mwisho lilibakiwa na namba chache, nyingi zikiwa zimekatwa nukta: "karibu arobaini na wawili kati ya kila mia" badala ya 41.9. Namba kamili zilihamia kwenye slaidi, ambako jicho linaweza kurudi.

Kabla ya hotuba, toleo la kwanza lilisomwa mbele ya wasikilizaji watatu: katekista mzee, mwalimu wa madrasa, na mwanafunzi wa takwimu. Wote waliombwa jambo moja tu, kila mmoja aseme kwa sentensi moja amesikia nini. Katekista alisema, "Kumbe, binti yangu, watu wetu wanahamia kwa walokole." Mwalimu wa madrasa akasema, "Sisi Waislamu hukututaja mpaka dakika ya mwisho." Mwanafunzi wa takwimu alisema hakuelewa kama asilimia zinazosomwa ni za idadi yote ya watu au za Wakristo peke yao.

Hakuna hata mmoja aliyesikia ugunduzi. Majibu hayo matatu ndiyo yaliyoongoza marekebisho yote, na jibu la katekista ndilo lililokuwa zito kuliko mengine.

Mtego wa 6.5

Katekista hakukosea kwa uzembe; hesabu yenyewe inamwalika akosee. Tazama. Wakatoliki wamepoteza pointi 2.6. Waanglikana wamepoteza 3.9. Jumlisha: 6.5. Sasa toa 4.6 ya Wapentekoste kwenye 11.1. Unapata 6.5 ileile, mpaka kwenye nukta. Ni nani asiyeona hapo watu wamefunga mizigo, wakatoka kanisa moja na kuingia jingine?

Toleo la kwanza liliziweka namba hizo mbili kwenye slaidi moja, na mshale katikati. Mshale huo ulisema jambo ambalo takwimu haziwezi kusema. Inafaa kueleza kwa nini, maana kosa hili huonekana sana katika maandishi juu ya sensa na dini.

Kwanza, mizani hiyo inalingana kwa sababu makundi mengine yamefichwa. Waislamu wameongezeka pointi 1.6 na Wasabato 0.2. Pointi hizo 1.8 lazima zitoke mahali, na ukiangalia, zimetoka kwenye mabaki: dini nyingine pamoja na wasio na dini walikuwa asilimia 4.0 mwaka 2002, wakawa 2.2 mwaka 2014. Ukipenda kuchora mshale kutoka kwa Wakatoliki kwenda kwa Wapentekoste, basi kwa kanuni hiyohiyo itakubidi uchore mwingine kutoka kwa "dini nyingine" kwenda kwa Waislamu. Huo hakuna atakayeuamini, wala hakuna sababu ya kuuamini wa kwanza kuliko wa pili. Katika jedwali la asilimia kila kinachopanda lazima kilipwe na kinachoshuka, kwa sababu jumla ni 100 daima. Kulingana kwa pande mbili ni tabia ya jedwali.

Pili, sensa ni picha mbili zilizopigwa kwa kuachana karibu miaka kumi na miwili, na hakuna uzi unaomuunganisha mtu wa picha ya kwanza na yeye mwenyewe kwenye ya pili. Chukua kijiji cha kubuni. Wakatoliki 30 wameokoka na kuhamia kanisa la kipentekoste. Waanglikana 20 wameolewa katika nyumba za Kikatoliki, wakafuata dini ya nyumba. Watoto 40 wamezaliwa kwa Wakatoliki, wazee 15 wakafariki. Sensa itaonyesha Wakatoliki wameongezeka 15, basi. Waliotoka, walioingia, waliozaliwa na waliozikwa wote wamemezwa na namba moja. Kinyume chake pia chaweza kutokea: kundi laweza kupanda asilimia bila mtu hata mmoja kubadili dini, kwa kuzaa zaidi au kwa kuwa na vijana wengi zaidi.

Tatu, lebo ilibadilika. Mwaka 2002 matokeo yalitaja "Wapentekoste". Mwaka 2014 kundi lilitajwa kwa pamoja: Wapentekoste, waliozaliwa mara ya pili na Wainjili. Muumini wa ushirika mdogo usiojiita wa kipentekoste, ambaye mwaka 2002 huenda aliangukia kwenye Wakristo wengine, mwaka 2014 alikuta kundi lenye jina lake. Yeye hajasogea hata hatua moja; boksi ndilo lililomfuata. Ni kiasi gani cha ongezeko kinatokana na hilo, majumlisho yaliyochapishwa hayatoshi kusema. Lakini mtu anayesoma "4.6 hadi 11.1" bila kutaja lebo anauza kipimo kilichorefushwa kana kwamba ni mti uliorefuka.

Sehemu hii ilipewa dakika tatu kati ya kumi, kubwa kuliko zote. Mshale ulifutwa, 6.5 ikabaki, kwa makusudi. Mwasilishaji aliamua kuutaja mtego mwenyewe kabla mtu wa ukumbini hajauona na kusimama nao wakati wa maswali. Hivi ndivyo aya yake ilivyosomwa:

> "Wapo kati yenu ambao wameshapiga hesabu. Wakatoliki na Waanglikana kwa pamoja wamepungua pointi sita na nusu. Wapentekoste wamepanda pointi sita na nusu. Inaonekana kama watu wametoka mlango huu wakaingia ule. Naomba tuusimamishe mkono kabla haujaandika hivyo. Waislamu nao wamepanda, na dini nyingine zimepungua karibu kwa kiasi hichohicho, wala hakuna anayesema waliotoka huku ndio walioingia kule. Sensa haimfuati mtu. Inahesabu waliopo nyumbani usiku ule, inaondoka, inarudi baada ya miaka kumi na miwili na kuhesabu waliopo. Waliozaliwa, waliofariki, waliookoka, waliooa na kufuata dini ya nyumba, wote wamo ndani ya namba moja."

"Tuusimamishe mkono" ilipendwa na katekista kwenye jaribio la pili. Neno "pointi" lilichaguliwa badala ya "asilimia" kwa sababu kushuka kutoka 41.9 hadi 39.3 ni kushuka kwa pointi 2.6. Ukisema "wamepungua asilimia 2.6" mwanafunzi wa takwimu atakusahihisha, na mwandishi wa habari ataandika kwamba Wakatoliki ni wachache kuliko walivyokuwa.

Teksi ya Mukono

Ugunduzi wenyewe, kwamba fungu linaweza kupungua huku watu wakiongezeka, unaelezeka kwa jedwali lakini hausikiki kwa jedwali. Toleo la kwanza lilitumia chati mbili za mduara, moja ya 2002 na nyingine ya 2014, zenye ukubwa sawa. Hapo kosa liliingia kupitia macho: mduara wa watu milioni 24 na wa milioni 34 zikilingana ukubwa, ongezeko la watu milioni kumi limefutwa, na kipande cha Wakatoliki kinaonekana kimelika.

Badala yake zilichorwa nguzo mbili kwa kipimo kimoja. Nguzo ya 2002 ilikuwa na urefu wa sentimita 7 na ya 2014 sentimita 10, kwa kuwa 24.2 ni asilimia 70 ya 34.6. Kipande cha Wakatoliki kikawa sentimita 2.9 kwenye nguzo fupi na 3.9 kwenye nguzo ndefu. Cha Wapentekoste 0.3 na 1.1. Hakuna haja ya kueleza chochote: kipande ni kinene zaidi, nguzo nayo imekua kuliko kipande. Rangi zilitumika mbili tu, kijivu na kahawia iliyoiva, na majina yakaandikwa pembeni mwa vipande. Rasimu ya kwanza ilikuwa na njano, nyekundu na kijani. Uganda rangi hizo zina wenyewe katika siasa, na ukiipa dini fulani rangi ya chama fulani umeshafungua mjadala ambao hukuja nao. Historia ya vyama vya nchi hii, DP ikihusishwa na Wakatoliki na UPC na Waanglikana tangu kabla ya uhuru, inatosha kumfanya mtu awe mwangalifu na kalamu za rangi.

Kabla ya nguzo, ulitolewa mfano wa mdomoni:

> "Teksi imetoka Mukono asubuhi ikiwa na abiria kumi, na wanne kati yao ni akina mama wanaokwenda sokoni na vikapu. Njiani, Seeta, Bweyogerere, Kireka, wanapanda abiria wanne zaidi. Mmoja wao ni mama mwenye kikapu. Ikifika Banda imejaa, watu kumi na wanne. Akina mama wa vikapu walikuwa wanne, sasa ni watano. Wameongezeka. Lakini mwanzo walikuwa arobaini kati ya mia, na sasa ni thelathini na sita. Hakuna mama aliyeshuka. Waliopanda ndio waliokuwa wengi."

Abiria 14 ndio ujazo wa teksi ya Uganda, na kutoka 10 hadi 14 ni karibu uwiano uleule wa 24.2 na 34.6, kwa hiyo mfano haudanganyi kwa kipimo. Wageni wa Nairobi walihitaji nusu sentensi ya kuambiwa kwamba teksi ya hapa ni matatu yao, na wa Dar es Salaam kwamba ni daladala. Kasoro moja ya mfano inafaa kujulikana: kwenye teksi hii hakuna aliyeshuka, ilhali katika nchi watu hufariki na wengine hubadili dini. Ndiyo maana aya ya mtego ilifuata baada ya teksi, si kabla, na ikatanguliwa na maneno "nchi si teksi".

Majina ya watu

Ukumbi mchanganyiko huumizwa na majina kuliko na namba. Maneno mawili yalisumbua.

La kwanza ni "walokole". Neno limetoka Luganda, *balokole*, waliookoka, na lilishika kasi na uamsho wa miaka ya 1930 uliowaka Rwanda na Uganda ndani ya Kanisa la Anglikana. Walokole wale hawakutoka kanisani. Wengi walibaki Waanglikana mpaka kufa, na wapo hadi leo. Lilipovuka kwenda Kiswahili cha Kenya na Tanzania, neno likawa la kila mtu aliyeokoka, hasa Mpentekoste, na Uganda nako matumizi hayo mapya yameenea. Sasa mwasilishaji akisema "walokole ni asilimia 11.1", mama wa Kanisa la Uganda aliyeokoka zamani, amekaa mstari wa tatu, amehesabiwa kwenye 32.0 na wala si kwenye 11.1. Hotuba ilitumia "Wapentekoste na waliojitaja kuwa wamezaliwa mara ya pili" mara moja, ikaeleza kwa sentensi moja kwamba mlokole Mwanglikana hayumo humo, kisha ikaendelea na "Wapentekoste" tu.

La pili ni "Waprotestanti". Katika mazungumzo ya Uganda Mprotestanti ni Mwanglikana. Ukimuuliza mtu wa Mengo au Mukono atakujibu hivyo. Katika majedwali ya kimataifa Waprotestanti ni Waanglikana, Wapentekoste, Wasabato na wengineo kwa pamoja, na kwa hesabu hiyo walipanda kutoka asilimia 42 hadi 45 katika miaka ileile ambayo Waanglikana walishuka. Neno moja, mielekeo miwili. Likaondolewa kabisa.

Lalamiko la mwalimu wa madrasa lilitatuliwa bila kupindisha mada. Waislamu walihamishiwa kwenye sentensi ya ugunduzi yenyewe, mwanzoni:

> "Kati ya sensa ya 2002 na ya 2014, makundi yote manne makubwa ya dini Uganda yaliongezeka watu: Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Wapentekoste. Mawili yalipanda asilimia, mawili yakashuka. Na kundi lililoongeza watu wengi kuliko yote ni mojawapo ya yaliyoshuka."

Sentensi tatu, sekunde ishirini na ushei, zilisomwa kabla hata ya kueleza data imetoka wapi. Toleo la kwanza lilianza na historia ya dini Uganda tangu karne ya kumi na tisa, likafika kwenye ugunduzi dakika ya saba. Hata salamu zilipunguzwa. Katika ukumbi kama huu mtu hujikuta anatoa "Asalaam aleykum", anangoja jibu, "Tumsifu Yesu Kristo", anangoja jibu, "Bwana asifiwe", anangoja jibu, kisha itifaki ya wageni waheshimiwa mmoja mmoja. Dakika nzima imekwisha na bado kuna atakayehisi ameachwa. Alisema "Salaam kwenu nyote, itifaki imezingatiwa", akaendelea.

Mipaka, na nani alijibu

Dakika moja kabla ya mwisho ilitengewa mipaka ya data, na hapa mwasilishaji alichagua mpaka mmoja tu. Karani wa sensa hamuulizi kila mtu dini yake. Anaongea na mkuu wa kaya, au mtu mzima aliyekutwa nyumbani, ambaye anawajibia wote. Zaidi ya nusu ya Waganda waliohesabiwa 2014 walikuwa chini ya miaka 18. Maana yake ni kwamba dini ya zaidi ya nusu ya nchi ilitajwa na mtu mwingine, na kijana wa miaka kumi na saba anayesali kwenye kanisa la kipentekoste la jirani bila baba kujua ameandikwa Mkatoliki au Mwanglikana. Kwa hiyo sensa inapima dini ya nyumba kwa uhakika zaidi kuliko inavyopima dini ya moyo. Mpaka huu ulichaguliwa kwa sababu unagusa mwelekeo wa namba zenyewe, ilhali mingine, kama makosa ya uandikishaji, ingekuwa ya kutimiza wajibu tu.

Maswali matatu yalitarajiwa, na kila moja likaandikiwa kadi yenye jibu lisilozidi sekunde arobaini.

Swali la dini za jadi. Sensa ya 2014 inawapa wafuasi wake asilimia 0.1, na ukumbi wowote wa Uganda utacheka. Jibu: swali la sensa linaruhusu jibu moja. Mtu anayehudhuria misa Jumapili na kwenda kwenye sabo, kibanda cha mizimu cha ukoo, wakati wa shida ataandikwa Mkatoliki, naye hajadanganya. Ile 0.1 inahesabu wale wasio na dini nyingine ya kutaja, haihesabu mila.

Swali la "je, kushuka huku kulianza lini?" Jibu: mwaka 1991 Wakatoliki walikuwa asilimia 44.5. Walishuka pointi 2.6 hadi 2002, na 2.6 tena hadi 2014. Kwa hiyo mwendo wao haukuongezeka kasi wakati Wapentekoste walipopanda sana, jambo ambalo lenyewe linaitia shaka hadithi ya watu kuhama kwa mkupuo. Namba hii ilikuwa imekaa ukurasa wa 14 wa makala. Kwa maoni yetu ingestahili kuingia kwenye hotuba yenyewe badala ya kusubiri kuulizwa.

Swali la sensa ya Mei 2024. Jibu lililoandaliwa lilikuwa la utaratibu: kabla ya kuweka nguzo ya tatu, orodha ya makundi ya 2024 inapangwa sambamba na ile ya 2014 na ya 2002, lebo kwa lebo, na lebo zilizoungana au kutengana zinaunganishwa kwa miaka yote mitatu, kisha ndipo asilimia zinazidishwa kwa idadi ya watu. Asiyefanya hivyo atajikuta anapima mabadiliko ya fomu.

Limebaki suala la saa. Kongamano likichelewa, na huchelewa, mwenyekiti wa kikao huinua kadi ya "dakika 2" ukiwa bado katikati. Andiko liliwekewa alama mbili za penseli pembeni. Alama ya kwanza ilizunguka aya ya mipaka: hii inakatwa kwanza, na kuhifadhiwa kwa maswali. Ya pili ilizunguka teksi ya Mukono, kwa kuwa nguzo mbili za slaidi zinaweza kufanya kazi hiyo kwa sekunde ishirini. Aya ya mtego wa 6.5 iliandikiwa juu yake kwa wino mwekundu "USIKATE", maana hotuba ikikatika kabla yake, watu watatoka ukumbini na mshale wa katekista kichwani. Mwenyekiti aliinua kadi dakika ya saba na nusu. Teksi ilikuwa imeshapita, aya ya mipaka ikakunjwa, na swali la kwanza kutoka ukumbini likawa: nani hasa huwa anamjibu karani wa sensa?